Biriani imerefuka kwenye skrini ya wima

*Fundi, nina hoteli ndogo hapa Mwembe Tayari. Nimefunga skrini ya wima mlangoni ioneshe menyu, lakini sahani ya biriani imerefuka kama chupa. Kijana aliyenifungia alijaribu Stretch, Fill na Fit, mwisho akaibadilisha picha kwa kompyuta iwe 1080x1920. Bado vilevile. Niache ipi?*

Iache kwenye `Fit`, inayoonesha picha nzima bila kuivuta, halafu itazame sahani. Ikiwa bado ndefu na picha imejaa skrini nzima bila weusi juu wala chini, basi ulemavu umo ndani ya faili yenyewe, na hakuna chaguo la skrini litakalouondoa.

Hilo ndilo linalonichosha kila wiki. Menyu yako ilichorwa kwa mlalo, 1920 kwa 1080. Kijana akafungua kisanduku cha ukubwa, akaondoa alama ya kufuli inayoshika uwiano, akaandika 1080 kwa 1920, akahifadhi. Upana ukabanwa hadi kubaki zaidi kidogo ya nusu, urefu ukavutwa karibu mara mbili. Sahani ya duara ikatoka na urefu unaozidi upana wake mara tatu. Hiyo ni `Stretch` ile ile, ila sasa imegandishwa kwenye faili. Kubadilisha namba si kupanga upya menyu!

Mtafute aliye na faili ya kwanza, ile ya mlalo. Ukiiweka kwa `Fit`, itakaa katikati na kimo cha pikseli 608 tu, na weusi wa pikseli 656 juu na mwingine kama huo chini. Sahani itakuwa duara, lakini bei hazisomeki kutoka barabarani. Ukiweka `Fill`, skrini itajaa, ila itabaki chini ya theluthi moja ya upana wa menyu, ile ya katikati. Bei zilizopangwa pembeni zinakwenda na maji.

Kwa hiyo menyu ipangwe upya kwenye ukurasa mtupu wa 1080 kwa 1920: picha ya biriani juu, kwa upana wote na kimo cha 608, na chini yake bei kwa herufi kubwa, mstari kwa mstari. Ikishakuwa hivyo, `Fit`, `Fill` na `Stretch` zote zitatoa picha moja, maana hakuna cha kukata wala kuvuta.

Na wenye maduka wengine mnaofungiwa skrini hizi, msimlipe mtu kwa sababu picha "imejaa". Mwambieni aweke faili ya wima ya 1080 kwa 1920 yenye duara moja tu, kisha mlipime kwa futi, upana na urefu. Vipimo vikilingana, skrini na kifaa chake viko sawa, na kosa ni la aliyechora. Visipolingana, kifaa hakijapangwa, naye aendelee kufanya kazi. Fundi anayekataa kipimo hicho, au anayeanza kukuuzia skrini nyingine kabla ya kukifanya, mfungulie mlango.