Kitabu nikikifuta kwenye Kindle kinarudi tena: nifanyeje?

Swali: Habari za kazi, fundi. Kaka yangu anayeishi Maskati alinipa Kindle yake ya zamani baada ya kununua mpya. Ina riwaya zake za mauaji, na mwanangu wa miaka minane anapenda kuishika. Nazifuta, lakini nikiwasha Wi-Fi majalada yanarudi. Hata PDF ya mitihani ya zamani niliyojitumia mwenyewe kwa barua pepe inarudi. Nifute wapi ili visirudi kabisa? – Mwalimu, Tanga

Jibu: Salama, Mwalimu. Kabla hujagusa chochote kwenye tovuti ya Amazon, naomba usome mpaka mwisho, kwa sababu njia ya kufuta unayoitafuta ipo, lakini kwa riwaya za kaka yako itamfutia na yeye.

Kitabu cha Kindle kinakaa sehemu mbili. Kuna faili lililopakuliwa ndani ya kifaa, na kuna jina la kitabu lililoandikwa kwenye akaunti ya Amazon, yaani ile maktaba ya mtandaoni. Unapobonyeza jalada kwa muda na kuchagua "Remove Download" (matoleo mengine huandika "Remove from Device"), unaondoa faili tu. Akaunti bado inasema kitabu ni chako, na kila Wi-Fi inapowaka Kindle huuliza akaunti ina vitabu gani, kisha inapanga majalada yote upya. Kwa hiyo kifaa chako ni kizima, kinafuata orodha ambayo hujaigusa.

Unaweza kuhakikisha hilo sasa hivi. Telezesha kidole kutoka juu ya skrini kwenda chini na uwashe "Airplane Mode". Kisha gusa jalada la riwaya uliyokwisha kuifuta. Ikikataa kufunguka na kukutaka uunganishe mtandao, basi ndani ya kifaa hamna kitu, ni jalada tu. Ikifunguka na kusomeka, faili bado limo. Nina hakika utaona la kwanza.

Kama shida ingekuwa macho tu, ungemaliza hapo kwa kubadilisha kichujio cha maktaba kutoka "All" kwenda "Downloaded". Majalada ya vitabu visivyopakuliwa yanatoweka mara moja. Lakini mtoto wa miaka minane anajua kugusa neno "All", na Wi-Fi ikiwepo riwaya inajipakua yenyewe kwa mguso mmoja. Kwako hilo ni pazia, si mlango.

Sasa tuje kwenye kufuta kabisa. Kazi hii inafanyika vizuri zaidi kwenye kivinjari cha simu au kompyuta. Fungua anwani hii kwa akaunti ambayo Kindle imesajiliwa nayo:

```
https://www.amazon.com/mycd
```

Ukurasa unaofunguka una sehemu tatu za kukumbuka: "Content" penye vitabu, "Devices" penye vifaa, na "Preferences" penye mipangilio. Ndani ya "Content" vitabu vilivyonunuliwa viko chini ya "Books", na vile mtu alivyojitumia mwenyewe viko chini ya "Docs". Wengi wanakwama hapa. Wanaitafuta PDF yao kwenye "Books", hawaioni, wanadhani imeshafutika, kumbe imetulia kwenye "Docs". Ukiipata, iwekee alama, chagua "Delete", kisha thibitisha. Halafu rudi kwenye Kindle, zima "Airplane Mode", telezesha tena kutoka juu na uguse "Sync". Jalada litaondoka.

Kwa PDF yako ya mitihani angalia jambo moja zaidi. Ukijitumia faili lilelile mara mbili, tuseme mara ya kwanza lilichelewa kufika ukatuma tena, "Docs" huwa na mistari miwili yenye jina moja. Ukifuta mmoja, wa pili unabaki na jalada linaonekana kama limefufuka. Panga orodha kwa jina ili pacha zikae pamoja, ufute zote. Na ukitaka nyaraka za kazi zifike kwenye kifaa bila kuhifadhiwa mtandaoni, ingia "Preferences", fungua "Personal Document Settings" na uzime uhifadhi wa nyaraka. Kuanzia hapo, PDF utakayoituma ukiifuta kwenye Kindle imekwisha, kwa hiyo faili asili libaki kwenye simu au kompyuta yako.

Riwaya ni habari nyingine. Ukisoma juu ya ukurasa ule utaona jina la kaka yako, si lako, maana kifaa kilikuja na akaunti yake. Ukichagua riwaya na kuthibitisha kufuta, Amazon inaiondoa kwenye akaunti nzima. Itatoweka kwenye Kindle yake mpya, kwenye simu yake, na kwa yeyote anayetumia akaunti hiyo. Hakuna kikapu cha taka cha kuirudisha, na kufuta hakumrudishii fedha. Akiitaka tena atainunua upya. Zamani mtu aliweza kupakua nakala ya kitabu chake kutoka ukurasa huohuo kwenda kompyuta, akaihamisha kwa waya. Amazon iliondoa huduma hiyo tarehe 26 Februari 2025, kwa hiyo hata ile njia ya kuweka akiba kabla ya kufuta haipo tena. Kwa sababu hizi sikushauri kabisa ufute vitabu vya kaka yako, hata kama amekupa nywila na ruhusa.

Kinachokufaa ni kukitoa kifaa kwenye akaunti yake na kukisajili kwa akaunti yako. Vitabu vyake vitabaki salama kwake Maskati, na Kindle yako itaanza ikiwa tupu.

Kwanza okoa vitu vyako. Unganisha Kindle na kompyuta kwa waya wa USB unaopitisha data, kwa sababu nyaya nyingine ni za kuchaji tu na kompyuta haitaona kitu. Fungua folda iitwayo "documents". Nakili PDF zozote ulizoziweka humo kwa waya, na unakili pia faili la "My Clippings.txt". Humo ndimo Kindle inamoandika mistari uliyoipigia rangi na maelezo uliyoyaandika wakati wa kusoma. Walimu wengi huwa na kazi ya miezi ndani ya faili hilo bila kujua kwamba lipo.

Mwambie kaka yako unachotaka kufanya, kisha kwenye Kindle ingia "Settings", halafu "Your Account" (matoleo ya zamani yanasema "My Account"), na uchague "Deregister Device". Kama hutaki kugusa mwenyewe, yeye anaweza kufanya hivyo akiwa kwake: anaingia ukurasa ule niliokuonyesha, anafungua "Devices", anachagua Kindle hiyo ya zamani na kubonyeza "Deregister". Aangalie vizuri jina la kifaa, asije akaitoa ile mpya. Akifanya hivyo akiwa mbali, Kindle yako lazima iwe na Wi-Fi ili ipokee amri hiyo. Ikiwa kwenye "Airplane Mode" itaendelea kuonyesha riwaya kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kifaa kikishatoka, kitakuuliza usajili. Fungua akaunti yako ya Amazon kwa barua pepe yako. Kuifungua ni bure. Ukiingia, maktaba itakuwa na vile vilivyo vyako tu.

Baada ya hapo kuna mambo mawili yatakayokushangaza ukiwa hujaambiwa. La kwanza, PDF zote ulizojitumia ukiwa kwenye akaunti ya kaka zimebaki kwenye "Docs" yake. Yeye ndiye atakayezifuta huko, kwa njia ileile niliyoeleza, maana zisipofutwa zitaendelea kumjazia maktaba. Wewe tuma upya zile unazozihitaji. La pili, anwani ya barua pepe ya Kindle yako itabadilika. Utaikuta mpya ndani ya "Personal Document Settings", inaishia na @kindle.com, na hapohapo chini kuna orodha ya barua pepe zilizoruhusiwa kutuma. Barua pepe yako isipokuwa kwenye orodha hiyo, faili halitafika. Ukiona usumbufu, tumia ukurasa wa amazon.com/sendtokindle, unaopokea faili la hadi MB 200 moja kwa moja kutoka kwenye kivinjari. Kwa barua pepe mwisho ni MB 50.

Huenda ukasema bado unataka kusoma baadhi ya vitabu vya kaka yako, na ndiyo sababu alikupa kifaa bila kukitoa kwenye akaunti. Hilo linaeleweka. Basi kiache kwenye akaunti yake, lakini kwenye mipangilio ya Kindle fungua "Amazon Kids" na umtengenezee mtoto wasifu wake. Ndani ya wasifu huo anaona vitabu mlivyomwongezea tu, na kutoka humo kunahitaji nywila ya mtu mzima. Itabidi kaka yako ashirikiane nawe, kwa sababu wasifu huo unaingia kwenye akaunti yake. Hata hivyo, mimi ningechagua akaunti yako mwenyewe: unajua kilichomo, na hakuna ununuzi wa Maskati utakaojitokeza Tanga usiku wa manane.

Ukishamaliza, jaribu hivi. Washa Wi-Fi, gusa "Sync", subiri dakika chache, weka kichujio kwenye "All", kisha tafuta jina la riwaya mojawapo kwenye kisanduku cha kutafutia. Matokeo yanaweza kukuonyesha kitabu hicho kikiwa dukani, na hiyo si sehemu ya maktaba yako. Likionekana jalada ndani ya maktaba yenyewe, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kama sekunde 40 mpaka kifaa kijiwashe upya, kisha gusa "Sync" tena. Kama bado lipo, rudi kwenye "Settings" usome jina la akaunti iliyosajiliwa. Likiwa la kaka yako, amri ya kutoa kifaa haijafika, na itabidi irudiwe Wi-Fi ikiwa imewaka.