Vizibo Tisa Vimeenda Wapi?

Ukipewa Gredi ya 2 muhula huu, kuna jibu utakalokutana nalo kabla hujasahihisha madaftari kumi: 27 + 15 = 312. Usilikate kwa kalamu nyekundu ukapita. Mtoto huyo anajua kujumlisha. Saba na tano ni kumi na mbili, mbili na moja ni tatu, na yote ameyaandika. Asichojua ni kwamba ile 2 ya 27 ni makumi mawili, kwa sababu hajawahi kuyashika mkononi.

Mimi niko Eastlands, Nairobi, darasa la watoto 62. Mwaka wangu wa kwanza nilikimbilia ubaoni: chora nguzo mbili, anza kulia, beba moja. Walikariri vizuri tu. Siku moja nikauliza ile moja tunayobeba inatoka wapi, na kijana wa dawati la mbele akanijibu bila wasiwasi, "Kwa kichwa, Ticha." Nikaifuta hesabu, nikaanza kutafuta vijiti.

Kila mtoto alileta vijiti kumi, vya urefu wa kidole cha kati hivi. Wengine walikata vitawi uani, wengine wakaokota vya aiskrimu. Vikawa 620. Nina vikundi 11, nikavipa 50 kila kimoja, vingine nikaviweka akiba kwa sababu vitavunjika na vitapotea. Usichukue vya kuchokolea meno, vinachoma. Kamba za kufungia mafungu ya kumi usinunue: mwombe fundi wa baiskeli tyubu iliyokufa, uikate kwa makasi katika pete nyembamba. Raba za dukani hukatika wiki ya pili, pete za tyubu hukaa mwaka mzima.

Sasa hapa ndipo wengi hukosea. Wanafunga mafungu usiku nyumbani, asubuhi wanagawa yakiwa tayari. Siku tatu za kwanza watoto wahesabu na kufunga wenyewe, kelele na yote. Aliyehesabu kumi akavuta pete juu yake anajua kuna nini ndani, na akiwa na shaka anaweza kufungua. Fungu la mwalimu kwake ni kijiti kinene tu. Utakuta pia mafungu ya tisa na ya kumi na moja. Waambie wabadilishane na kikundi jirani, wakaguane. Hakuna wanachokipenda zaidi ya kumkamata mwenzao.

Tega sikio pia kwa majina ya namba. Kumi na nne inasemwa kwa mpangilio wake, ila anayeandika anavyosikia atakuandikia 104. Anayehesabu kwa Kiingereza husikia nne kwanza, naye anaandika 41. Wangu wanachanganya lugha zote mbili, kwa hiyo napata makosa yote mawili kwenye dawati moja. Halafu kuna ishirini, ambayo haina mbili ndani yake, wala themanini haina nane. Basi kwa wiki mbili tunasema majina mawili: "ishirini na saba, makumi mawili na mamoja saba." Inachosha mdomo. Isemeni hivyo hivyo.

Kisha piga mstari wa chaki katikati ya dawati. Kulia mamoja, kushoto makumi. Unapoonyesha, simama upande wao. Ukiwakabili, kulia kwako ni kushoto kwao, na nusu ya darasa itapanga kinyume. Niliwahi kulaumu watoto kipindi kizima kwa kosa hilo, kumbe ni langu.

Rudi kwenye 27 + 15. Wanaweka mafungu mawili na vijiti saba, chini yake fungu moja na vijiti vitano. Wasukume vijiti vyote vya kulia pamoja: kumi na viwili. Uliza swali moja tu, "Kuna fungu humo?" Wanahesabu kumi, wanavuta pete, na fungu jipya linavuka mstari. Kulia vimebaki viwili, kushoto mafungu manne. Arobaini na mbili. Wengine wataanza na mafungu kwanza. Waache, kwa vijiti jibu ni lile lile. Sababu ya kuanza kulia wataiona kwenye karatasi, watakapolazimika kufuta 3 waandike 4.

Usiharakishe kutoka hapa. Ukitaka kujua kama wako tayari, mpe mmoja vijiti 25, avihesabu, aandike 25. Zungushia duara ile 5, mwambie akuonyeshe vijiti vyake. Atatoa vitano. Zungushia ile 2. Akikuonyesha vijiti viwili pekee, hata akikusomea "ishirini na tano" bila kigugumizi, mrudishe kufunga.

Kwa nini basi baadaye tunahamia vizibo vya chupa, kama vijiti vinafanya kazi? Kwa sababu fungu la kumi linaonekana kuwa kumi, na tarakimu haionekani hivyo. Ile 4 ya 42 si nene kuliko 4 ya 24. Kinachoipa thamani ni mahali ilipokaa. Kizibo ni hivyo hivyo: kulia kwa mstari ni moja, ukikisogeza kushoto ni kumi. Kwa hiyo usivipake rangi, vyekundu makumi na vya buluu mamoja. Inapendeza, lakini mtoto atasoma rangi, na kwenye daftari hakuna rangi. Chukua vya plastiki vya chupa za maji. Vya soda vya bati vina meno, vitakata vidole.

Hesabu ile ile kwa vizibo: kulia wamepata kumi na viwili. Wanatoa kumi, wanavirudisha kwenye mkebe katikati ya dawati, wanachukua kimoja na kukiweka kushoto. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo msichana mmoja alinitazama kama nimemwibia. "Ticha, vizibo tisa vimeenda wapi?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule, na sikuwa na jibu la kumridhisha. Siku hizi nalitayarisha. Natoboa vizibo kwa msumari wa moto, natunga kumi kwenye waya, na kuweka mitungo hiyo kwenye mkebe. Vizibo kumi vikiingia, mtungo mmoja unatoka na kukaa kushoto. Baada ya siku mbili tatu naweka kizibo kimoja juu ya mtungo, kama alama yake, na mwisho mtungo unabaki ndani ya mkebe na kizibo kinasimama peke yake. Anayeuliza tisa viko wapi anafungua mkebe. Wapo pia wanaosogeza vizibo vyote kumi kushoto, hao wasomee walichopanga, "Makumi kumi na matatu na mamoja mawili?", watacheka na kurudisha wenyewe.

Karatasi inaingia wakati vizibo bado viko mezani. Mmoja anasogeza, mwenzake anaandika, na anaandika tu kilichotendeka. Kizibo kinapovuka mstari ndipo ka-1 kanaandikwa juu ya nguzo ya makumi, si kabla. Kisha 2 chini ya mamoja, 4 chini ya makumi. Wabadilishane. Wiki ya kwanza wape hesabu tatu kwa siku, zisizidi, na moja kati yake isiwe ya kubeba, kama 32 + 14. Asiyefikiri atabeba hata hapo, nawe utamjua.

Mkebe wenyewe unakaa dirishani hadi mwisho wa mwaka, na sitangazi kwamba tumeuacha. Mwezi wa sita bado kuna mtu anainuka, anachukua mitungo mitatu, anaitazama, anairudisha, kisha anaandika jibu lake.