Watu wawili wanahariri kazi moja na mabadiliko ya mmoja yanapotea

Swali: "Wakubwa, tuko na programu ya kazi za depo hapa Goma, nyuma ni PostgreSQL. Watu wawili wakifungua kazi moja na kuhifadhi karibu wakati mmoja, ya mmoja inapotea. Nimeongeza safu ya toleo na ninaiangalia kabla ya kuhifadhi, lakini bado inatokea. Ao nifunge mstari mtu akisha kuufungua?"

Ndugu, usifunge. Mtu anafungua kazi kwenye telefone kule bandarini, anaitwa kupakua gari, koneksio inakatika, na mstari unabaki umefungwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Namba ya toleo ndiyo njia yako, ila kosa liko kwenye neno lako "kabla". Ukisoma toleo kwa SELECT, ukalinganisha ndani ya kodi, halafu ukatuma UPDATE, kuna nafasi kati ya hatua hizo mbili. Milisekunde chache zinatosha: wote wawili wanasoma 7, wote wanaona ni sawa, wote wanaandika. Kuangalia na kuandika viwe amri moja:

```sql
UPDATE kazi
SET idadi = 36, toleo = toleo + 1
WHERE id = 412 AND toleo = 7;
```

Kisha soma idadi ya mistari iliyoguswa. PostgreSQL inajibu `UPDATE 1` au `UPDATE 0`. Sifuri si kosa la SQL, hakuna kitu kitakachopiga kelele. Kodi isipouliza, mtumiaji ataonyeshwa "imehifadhiwa" wakati hakuna kilichohifadhiwa.

Tuseme kazi 412 ni kupeleka magunia 40 ya saruji bandarini, toleo 7. Mtu wa depo Katindo na mtu wa biro Himbi wameifungua wote. Wa depo anahesabu, anakuta magunia 36. Wa biro anabadilisha dereva. UPDATE zote mbili zinafika pamoja. Ya kwanza inashika mstari, ya pili inangoja. Ya kwanza ikifanya COMMIT, PostgreSQL inalipima upya sharti la WHERE la ile ya pili juu ya mstari mpya, inakuta toleo ni 8, inarudisha sifuri. Ya kwanza ikifanya ROLLBACK, toleo linabaki 7 na ya pili inapita. Hivyo ndivyo inavyokwenda katika READ COMMITTED, kiwango cha kutenganisha miamala ambacho PostgreSQL inatumia kwa kawaida. Ukipanda hadi REPEATABLE READ hutapata sifuri, utapata kosa lenye namba 40001, na kodi yako lazima ilitambue kuwa ni mgongano uleule.

Kuna mtego mwingine ambao naukuta mara nyingi kuliko huo. Hiyo 7 lazima iwe ile iliyokuja na fomu mtu alipoifungua. Wengine wanaacha seva isome toleo la sasa wakati wa kuhifadhi na kulitia kwenye WHERE. Hapo kila kitu kinapita, na ulinzi ni wa jina tu. Toleo liende hadi kwenye telefone na lirudi pamoja na mabadiliko. (Na usitumie saa ya mabadiliko mahali pa namba: saa yenye sekunde nzima inaweza kufanana kwa maandiko mawili, namba haifanani.)

Sasa sifuri imerudi. Fungua muamala mpya, soma mstari. Kama haupo, kazi imefutwa, mwambie hivyo. Kama upo, rudisha jibu la HTTP 409, yaani mgongano, pamoja na mstari wote wa sasa, ili telefone isilazimike kuuliza tena. Kile kisichofaa kabisa ni kuchukua toleo 8 na kutuma fomu yote ileile peke yako: utakuwa umerudisha magunia 40 juu ya 36, yaani upotevu uleule wa zamani kwa njia ndefu zaidi.

Telefone iwe na nakala tatu: ya mwanzo ya toleo 7, ya kwangu, na ya seva. Pita sehemu kwa sehemu. Kama ya seva haikubadilika tangu mwanzo, chukua yangu. Kama yangu haikubadilika, chukua ya seva. Kama zote mbili zimebadilika na hazifanani, hapo tu ndipo umuulize mtu, ukimwonyesha thamani zote mbili. Kwa kazi 412, idadi inatoka kwa wa depo, dereva anatoka kwa wa biro, hakuna swali kwa yeyote. Matokeo yanatumwa yakiwa na toleo 8, na yanapitia WHERE ileile, maana mtu wa tatu anaweza kuwa ameingia. Sehemu zinazotegemeana usizichanganye kimyakimya. Mmoja akiweka hali "imefika" na mwingine akabadilisha idadi, sehemu ni tofauti lakini jambo ni moja. Hizo zihesabu kama sehemu moja.

Kwa koneksio yetu, jambo hili litakusumbua zaidi: mtu anagongana na nafsi yake. Telefone inatuma toleo 7, seva inaandika 8, jibu linapotea njiani. Telefone inarudia, bado ina 7, inapata sifuri, na mtu anaambiwa mwenzake amebadilisha kazi. Utalitambua kwenye logi: aliyeandika toleo 8 na aliyekataliwa ni mtu mmoja, sekunde chache zikipishana. Dawa ni kitambulisho cha ombi, UUID inayotengenezwa mtu anapobonyeza kuhifadhi, na isibadilike kila telefone inaporudia. Kiandikwe katika muamala mmoja na UPDATE:

```sql
BEGIN;
INSERT INTO maombi (ombi_id, kazi_id, toleo_jipya)
VALUES (:ombi, 412, 8);
UPDATE kazi SET idadi = 36, toleo = toleo + 1
WHERE id = 412 AND toleo = 7;
COMMIT;
```

`ombi_id` iwe ufunguo mkuu. UPDATE ikitoa sifuri, fanya ROLLBACK, ombi lisibaki limeandikwa. INSERT ikikataliwa kwa kosa 23505, ombi hilo lilishapita: fanya ROLLBACK, soma `toleo_jipya` lake, jibu kama ulivyojibu mara ya kwanza. Nakala mbili za ombi moja zikifika pamoja, ya pili inangoja kwenye ufunguo huo mpaka ya kwanza imalize. Mistari ya `maombi` unaweza kuifuta baada ya siku kadhaa, mradi muda huo uzidi ule ambao telefone inaweza kukaa bila koneksio ikiwa na kitu cha kutuma.

Mwisho, ujue inapokomea. Toleo linalinda mstari mmoja. Kama lori moja lina kazi mbili na kuna uzito wa juu, mmoja anaweza kuongeza magunia kwenye kazi 412 na mwingine kwenye 413, kila mmoja toleo lake likapita, na lori likazidi. Hapo weka toleo kwenye mstari wa safari ya lori, na kila anayegusa idadi ya kazi yoyote ya safari hiyo alipandishe hilo pia, kwa WHERE yake, katika muamala uleule. Anza na mstari wa safari kila mara, halafu kazi. Wengine wakianza na kazi na wengine na safari, watangojana, na PostgreSQL itamkata mmoja kwa kosa 40P01.