Mbona e^(-x²) haina integrali ya kawaida?

Swali: "Nimejaribu kubadilisha herufi, nimejaribu kwa sehemu, bado ∫e^(-x²)dx inanikataa. Kompyuta nayo inaniandikia erf(x). Kweli jibu halipo, au ni mimi sijafika?" (Mwanafunzi, Kisumu)

Jibu: Lipo, kwa sababu eneo chini ya mchirizo huo lipo. Lisilowezekana ni kuliandika kwa polinomia, mizizi, e^x, logi, sin na jamaa zao, hata uzichanganye vipi.

Pengine uliweka u = -x², ukakosa -2x ya nje, ukaigawa tu na kupata -e^(-x²)/(2x). Tafuta derivativu yake: inatoka e^(-x²) + e^(-x²)/(2x²). Kipande hicho cha pili ni masalio, na hakiondoki. Mwanahisabati Mfaransa Liouville alionyesha katika miaka ya 1830 kwamba jibu la kawaida, kama lingekuwepo, lingekuwa R·e^(-x²), ambapo R ni polinomia juu ya polinomia. Tafuta derivativu, ukate e^(-x²) pande zote, na unabaki na:

R' − 2xR = 1

Sasa ibane R. Tuseme asili yake inafika sifuri mahali fulani, hata kwenye namba changamano. Hapo R inalipuka, na R' inalipuka kwa kipeo kimoja zaidi, kama 1/x inavyozaa 1/x². 2xR haina nguvu ya kuifuta, ndiyo maana ulibaki na masalio. Basi R ni polinomia tupu. Ikiwa digrii yake ni n, 2xR ina digrii n+1 na R' haivuki n−1, kwa hivyo x^(n+1) haina wa kuiua, ilhali kulia kuna 1 peke yake. R haipo.

Tunachofanya ni kulipa eneo hilo jina, kama ln x ilivyo jina la eneo chini ya 1/t:

erf(x) = (2/√π)∫₀ˣ e^(-t²)dt

Eneo lote kutoka 0 hadi ∞ ni √π/2, kwa hivyo 2/√π inaifanya erf ikaribie 1. Kuihesabu kwa mkono si kazi: panua e^(-t²) na uintegreti kila kipande. Kutoka 0 hadi 1 ni 1 − 1/3 + 1/10 − 1/42 + 1/216 = 0.7475, thamani halisi ni 0.7468. Zidisha hiyo kwa 2/√π, erf(1) = 0.8427.

Wengi huteleza kwenye takwimu. Chukua magunia ya mahindi Nakuru, uzito ukifuata mgawanyo wa kawaida wenye mkengeuko sanifu wa kilo 0.5. Uwezekano wa gunia kuwa ndani ya kilo 0.5 ya wastani ni erf(1/√2) = 0.683, si erf(1), kwani kipeo cha mgawanyo huo ni -z²/2, ambapo z ni umbali kutoka wastani ukihesabiwa kwa mikengeuko sanifu. Ukiona 0.843 mahali ulipotarajia 0.683, umesahau √2.