Salamu za kale zinauliza nini, na jibu lake lisomweje

Ukitaka kujua watu wa zamani walihofia nini, anza na salamu yao ya asubuhi. Kwa Kishona, lugha ya Zimbabwe, mtu huulizwa "Marara here?", yaani mmelala salama? Naye hujibu "Ndarara kana mararawo": nimelala salama ikiwa nanyi mmelala salama. Mchana swali hugeuka, huulizwa umeshindaje. Kinachoulizwa ni ule muda ambao hamkuonana. Kabla penisilini haijaenea miaka ya 1940, homa ya mapafu iliweza kumuua mtu mwenye nguvu zake katika siku chache, na watu wengi hawakuwa na simu. Habari ilifika kwa mdomo wa mpita njia, au haikufika.

Salamu za familia nazo ni hivyo hivyo. Mwolof wa Senegal akiulizwa hali ya watu wa nyumbani, hujibu "Ñu nga fa", yaani wapo. Jibu halidai kwamba wana raha. Linasema tu kuwa hakuna aliyepungua. Pale nyumba moja inapolima, kuuguza na kuzika kwa mikono yake yenyewe, hilo si jambo dogo.

Wengi hukosea wanapolichukua jibu la kwanza kama taarifa kamili. Katika 2 Wafalme sura ya 4, Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, anatumwa kumlaki mwanamke Mshunami na kumuuliza hali yake, ya mumewe na ya mtoto, kwa mpangilio huo. Mwanamke anajibu kuwa ni salama, ilhali mtoto amefia mapajani pake adhuhuri ya siku ile ile. Uchungu wake unatoka baadaye, akiwa ameishika miguu ya Elisha. Hata leo mtu huanza na "nzuri", kisha ndipo inakuja "ila mtoto anaumwa". Hiyo "ila" ndiyo yenye habari.

Kwa hiyo ukirekodi wazee, usiwaulize "salamu yenu ni ipi?" Utapewa neno moja kavu. Waombe wawili wasalimiane kama watu waliopotezana wiki nzima, na usizime kinasa sauti mpaka wahamie kwenye mazungumzo mengine. Andika ni saa ngapi za siku salamu hiyo hutumika, nani huuliziwa kwanza, jibu lisilobadilika ni lipi, na habari mbaya huingilia wapi. Mifugo ikiuliziwa kabla ya watoto, usiharakishe kusema waliwapenda ng'ombe zaidi. Uliza kwanza nani alikuwa anazungumza na nani.

Kuwa mwangalifu zaidi na salamu za amani. "Asalaam aleikum" imesafiri na Uislamu mpaka kwenye miji isiyofanana hata kidogo, kwa hiyo kuikuta mahali hakuthibitishi kwamba pale palikuwa na vita. Maswali yanayofuata baada yake, kuhusu mvua, safari au wagonjwa, ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kuwa ya wenyeji wenyewe.