Tangazo la tamasha la kwaya ya vijana: bei, saa na nyimbo za kuonjesha

Kwaya ya vijana inataka kinanda cha shilingi 2,400,000. Kamati nyingi huchukua bei hiyo, zikaigawa kwa idadi ya viti na kutangaza tiketi ya 8,000 au 10,000. Hapo ndipo benchi zinapobaki tupu. Bei ya tiketi hutokana na mfuko wa anayekuja. Kinanda hakiijui mifuko ya watu.

Tuseme mnatarajia watu 350. Watu wazima 250 kwa 5,000 wanaleta 1,250,000. Watoto 60 kwa 2,000 wanaleta 120,000. Viti 40 vya mbele kwa 20,000 vinaleta 800,000. Jumla ni 2,170,000. Toa kukodi vyombo vya muziki, kuchapa tiketi, na chakula cha kwaya waalikwa, tuseme 600,000. Mnabaki na 1,570,000, na pengo la 830,000. Pengo hilo msilifiche ndani ya tiketi. Lisemeni wazi, kisha liombeeni mchango kwa mgeni rasmi, kwa bahasha na kwa mnada wa mwishoni. Msharika akisikia kiasi kinachopungua hutoa kwa urahisi kuliko akiambiwa tu "tuchangie kwaya". Viti vya mbele navyo viulizieni kwanza kwa wazee wa kanisa, maana hapo ndipo wanapokaa kila Jumapili, na mzee aliyehamishwa benchi yake hatalisoma tangazo lenu kwa moyo.

Bei ya watoto isikosekane kamwe. Mama mwenye watoto wanne akisikia "kiingilio shilingi 5,000" anapiga hesabu ya 25,000 palepale kwenye benchi, na hatauliza.

Tangazo la kusomwa ibadani lisizidi dakika moja, kwa sababu linafuata baada ya ndoa, misiba na mikutano ya jumuiya, watu wakiwa wamechoka. Liandikeni kwa namna ya kusomeka kwa sauti:

"Kwaya ya Vijana inawaalika katika tamasha la nyimbo, Jumapili tarehe 18 Oktoba, saa nane kamili mchana, hapahapa kanisani. Lengo ni kununua kinanda cha shilingi 2,400,000. Tiketi ni shilingi 5,000 kwa mtu mzima, 2,000 kwa mtoto, na 20,000 kwa viti vya mbele. Zinapatikana kwa kila mwanakwaya na mezani mlangoni baada ya ibada."

Saa iandikwe kwa maneno. Bango la Watsapu likiandikwa 2:00, kuna atakayeelewa saa mbili, na mwingine saa nane. "Saa nane mchana" haina njia mbili.

Malipo ya simu yana mtego wake. Mtumaji huona jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Namba ikiwa ya mtunza hazina binafsi, jina asilolifahamu humfanya aghairi, au hutuma kisha akaanza kuuliza maswali. Mkiweza, tumieni namba ya kanisa. Msipoweza, andikeni kwenye bango jina litakalotokea.

Sasa nyimbo. Mkiwa na nyimbo kumi na mbili, tajeni tatu tu. Wa kwanza uwe ule ambao kila mtu ameukulia kwenye kitabu cha nyimbo, ili bibi naye ajue ana sehemu yake. Wa pili uwe wa kutunga wenyewe, wenye jina la kuvutia. Wa tatu uwe ule mzito ambao watu hawautarajii kwa vijana, kama Haleluya ya Handel. Nyingine tisa zifichwe, ila semeni kwaya waalikwa ni ngapi. Msitaje wimbo ambao bado unashikiliwa kwa karatasi: sauti zote nne ziwe zimeushika kichwani kabla jina lake halijafika kwenye bango. Ujaribuni bila kinanda. Mara nyingi sauti ya tena ndiyo inayokuwa na watu wachache, na hapo utasikia inakokotwa na besi kwenda chini; kinanda huwa kinalificha hilo.

Kwa Watsapu rekodini sekunde 20 za wimbo huo wa kutunga. Simu iwe kama hatua nne kutoka kwenye kwaya, bila ngoma, kwani ngoma humeza maneno kwenye kipaza sauti kidogo. Kateni kabla ya kiitikio. Anayetaka kiitikio atakipata tarehe 18.

Tiketi ziwe na namba na kishina. Mpeni kila mwanakwaya kumi, atie sahihi kwenye daftari, na siku saba kabla ya tamasha arudishe fedha au tiketi zenyewe. Zilizorudi ndizo zinazouzwa mlangoni. Asiyerudisha kimoja wala kingine anahesabiwa ameuza zote kumi, na jambo hili mlitangaze siku ya kugawa, siyo siku ya kudai.