Almasi za bei chee zina mwenyewe

Swali la wiki: "Kama huna kadi ya benki, unalipiaje vitu vya kwenye gemu, na unaogopa hatari ipi zaidi?"

Nalipa kwa pesa za simu. Ninachoogopa ni almasi zinazoingia kweli, kwa bei chee, halafu baada ya wiki kadhaa zinaondoka.

Tapeli anayepokea hela na kukublokia tunamjua wote. Mgumu kumshtukia ni yule muuzaji wa kwenye magrupu anayetimiza ahadi. Unamrushia hela kwenye namba yake, unampa Player ID yako, na muda si mrefu almasi hizo hapo. Sasa jiulize, kazipata wapi kwa bei ya chini kuliko duka la gemu lenyewe? Wapo wanaouza kihalali kwa punguzo. Wapo pia wanaotumia kadi za benki za wizi: wewe unampa hela safi, yeye analipia almasi kwa kadi ya mtu mwingine.

Mwenye kadi akigundua, analalamika benki na kurudishiwa fedha zake. Kampuni ya gemu inabaki haijalipwa, kwa hiyo inazifuata almasi zilipo, yaani kwako. Tuseme uliwekewa 1,000, ukanunua skini ya 900. Zikikatwa zote 1,000, salio linasoma -900. Kuna gemu zitakazokudai mpaka uzibe hilo pengo, na nyingine zinafungia akaunti moja kwa moja. Ukienda kulalamika, mkononi una ujumbe wa simu unaosema ulimtumia fulani hela. Neno almasi halimo.

Ndiyo maana nanunua nikiwa ndani ya gemu, kupitia Google Play, na kuchagua pesa za simu pale njia hiyo ilipo (si kila nchi wala kila mtandao unayo). Risiti inakuja kwa barua pepe ikiwa na namba ya oda inayoanza na GPA. Almasi zisipoingia, namba hiyo ndiyo huduma kwa wateja watakayoiuliza. Kwenye tovuti za kujazia kwa Player ID, nasubiri jina langu la gemu litokee ndipo nilipe, maana tarakimu moja ikikosewa almasi zinaweza kwenda kwa mtu mwingine, na kuzirudisha ni shughuli. Anayetaka nywila yangu "ili aingie aniwekee" simjibu hata.

Kulipia kwa salio la muda wa maongezi ni rahisi mno, na hapo ndipo penye shida. Namba ya siri ya pesa za simu haihusiki kabisa, hela inakatwa kwenye laini tu. Mtoto akiazima simu acheze, anaweza kumaliza vocha yote kwa kubonyezabonyeza. Kama unatumia njia hiyo, ingia kwenye mipangilio ya Google Play uiamuru iombe nywila kwa kila ununuzi, na nywila yenyewe mtoto asiijue.